Barua iliyotoka Bukavu

Barua ile ilinikuta Goma, Jumatatu asubuhi mwaka 2019, umeme umekatika na simu imebakiwa na chaji kidogo. Ilitoka kwa mwenzangu wa Bukavu, ambaye mimi humwita Dada, na alikuwa ameituma kwangu na kwa mhariri wa jarida kwa pamoja. "Mswada huu sijausoma, wala sikukubali utumwe. Jedwali la 2 lina vipimo tisa nilivyoandika kwamba virudiwe. Naomba jina langu liondolewe." Hakuniita Kaka, hakunisalimia, na yeye ni mtu ambaye hata ujumbe wa mstari mmoja huuanza kwa kuuliza watoto wameamkaje.

Tulikuwa tunapima floraidi katika maji ya kunywa ya pande za Goma. Ardhi yetu ni ya volkano, na baadhi ya chemchemi zina floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa miaka mingi, meno yake huota yakiwa na madoa meupe au ya kahawia ambayo hayasuguliki. Mimi nilichota maji, chupa 39 za plastiki (kioo hakifai, floraidi hushikana nacho), nikazipeleka Bukavu kwa boti. Yeye ndiye aliyepima.

Kifaa chake ni elektrodi inayochovywa ndani ya maji. Elektrodi huweza kupotoka taratibu bila kutoa ishara yoyote, kwa hiyo baada ya kila chupa kumi alikuwa anapima tena maji aliyoyatengeneza mwenyewe, yenye miligramu 1 kamili kwa lita. Baada ya chupa ya 10, ya 20 na ya 30, kifaa kilisoma 1. Baada ya ya 39 kikasoma 0.7. Maana yake, mahali fulani katika zile tisa za mwisho kifaa kilianza kusoma chini. Chupa iliyosomeka 1.2 inaweza kuwa na 1.7 kwa kweli, na hapo chemchemi iliyoonekana salama si salama tena. Kwenye daftari lake alizungushia zote tisa kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Rudia." Mimi nilikuwa na faili la namba tu, na duara jekundu halikuingia kwenye faili.

Nilijua kwamba hajasoma. Toleo maalumu la jarida lilikuwa linafungwa Jumapili usiku, naye yuko Walungu kazini, simu haipatikani. Nilimpigia mara mbili. Fomu ya kutuma ina kisanduku kinachosema waandishi wote wamesoma na kukubali, nami nikakitia alama. Nilijiambia Dada hawezi kukataa kazi yake mwenyewe. Jarida lenyewe ndilo lililomjulisha: mswada ukipokelewa, kila mwandishi hutumiwa barua pepe.

Alipokubali kupokea simu yangu alisema polepole, "Kaka, siwezi kutia jina chini ya namba ninayojua ni mbovu. Mama atakayechota pale atakuwa amedanganywa na mimi."

Nikamwandikia mhariri kwamba basi, jina lake litoke, mswada uendelee. Nilidhani hapo ndipo jambo litakapoishia. Mhariri akajibu kwamba amesimamisha kila kitu, na kwamba kufuta jina hakufuti kazi ya mtu. Vipimo vyote 39 ni vya mikono yake. Nikivitumia bila kumtaja, nitakuwa nimemnyima haki yake, na hao wasomaji watamwuliza nani jinsi vilivyopatikana? Nikivitoa, mswada unabaki bila jedwali. Kwa vyovyote vile alitaka maandishi ya kila mwandishi. Akanikumbusha masharti manne ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, mojawapo likiwa kwamba mwandishi awe ameidhinisha nakala ya mwisho. Nilikuwa nayafahamu. Nilikuwa hata nimewafundisha wanafunzi.

Nikauondoa mswada wote. Wenzetu wengine wawili waliandika kwamba wameridhia, mmoja wao kwa hasira, nami sikumlaumu.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye zile sehemu tisa. Kwenye mojawapo kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alikuwa anapanga bidoni za njano, akaniuliza kama maji yao yana shida. Nilimwambia bado hatujui. Nikapanda boti na chupa tisa, nikakaa maabara pembeni ya Dada. Safari hii alipima maji yake ya miligramu 1 baada ya kila chupa tatu. Chemchemi nne zilizokuwa zimesomeka chini ya 1.5 sasa zilizidi kiwango hicho, na ya yule kijana ilikuwa mojawapo.

Mswada mpya ulikaa kwake siku 19. Ulirudi umejaa masahihisho, na juu kabisa ameandika: "Kaka, watoto wameamkaje? Nimesoma wote. Utume."