Nilivyopata ribu inayovutika kwenye sweta la kroshia

Sweta la kroshia likifumwa kwa mishono ya kawaida kutoka juu hadi chini huwa halina mahali pa kubana. Pindo la chini linafunguka, mwisho wa mkono unakaa wazi, na baridi ya Njombe ya mwezi wa saba inaingia humo humo. Sweta la mashine halina shida hiyo kwa sababu kiunoni na mikononi limefumwa ribu, ile mistari iliyoinuka inayovutika na kurudi. Mzazi mmoja aliponiagiza sweta la mwanawe wa miaka sita aliniambia wazi: "Dada, nataka libane mikononi kama la dukani, lakini nalitaka la mkono." Nililifuma, likabana. Ribu nilizipata kwa njia mbili tofauti: mikononi nilifuma kwenye kitanzi cha nyuma, na kwenye pindo la chini nikafuma kwa kuzunguka nguzo.

Nianze na kitanzi cha nyuma, kwa kuwa ndicho kinachovutika zaidi. Ukiitazama kutoka juu safu ya singo, ule mshono mfupi wa kroshia, kila mshono una vitanzi viwili vilivyolala pamoja, kimoja upande wako na kingine upande wa mbali. Kwa kawaida sindano hupita chini ya vyote viwili. Ukiipitisha chini ya kile cha mbali peke yake, kile cha karibu hubaki nje bila kazi. Unapogeuza na kurudi kwa namna hiyo hiyo, safu moja inasukumwa mbele na inayofuata inarudi nyuma, na kila safu mbili zinakupa tuta moja. Kitambaa kinajikunja chenyewe kama akodiani, na hicho ndicho kinachokifanya kivutike.

Ila matuta hayo yanalala sambamba na safu. Ukiuzungusha mkono wa sweta kwa singo za kitanzi cha nyuma bila kugeuza kazi, utapata mistari inayouzunguka mkono kama bangili, nayo haibani chochote. Matuta yanatakiwa yasimame, yatoke kiganjani kuelekea kiwiko. Kwa hiyo ribu hii inafumwa ikiwa imelala ubavu. Idadi ya singo katika safu ndiyo urefu wa ribu, na idadi ya safu ndiyo mzunguko wake. Mtu akishalielewa hilo, hesabu yote iliyobaki inakuwa nyepesi.

Nilifuma kwanza kipande cha kupimia. Mwili wa sweta na mikono nilikuwa nafuma dabo, mshono mrefu kuliko singo, kwa sindano ya milimita 5, na dabo 16 zilinipa sentimita 10. Kwa ribu nikashuka hadi sindano ya milimita 4, kwa sababu kufuma kitanzi kimoja tu kunalegeza kitambaa na sindano nene ingeongeza ulegevu. Kipande chenyewe kilikuwa na singo 7 kwa safu 20. Nilikivuta kwa nguvu, nikakiachia, nikakiacha kitulie mezani, halafu ndipo nikapima: safu 20 zilikuwa sentimita 10. Ribu hupimwa ikiwa imetulia. Ukiipima ikiwa imevutwa utafuma safu chache mno, na ikiwa haijavutwa hata mara moja utafuma nyingi kupita kiasi, maana matuta mapya huwa yamejibana kuliko yatakavyokaa mwilini.

Mwisho wa mkono wa sweta ulikuwa na dabo 30, yaani karibu sentimita 19. Safu 30 za ribu zingetoa sentimita 15: inakaa vizuri kwenye kifundo cha mtoto huyo, na ikivutwa kiganja kinapita bila taabu. Idadi ya dabo na idadi ya safu kulingana ni jambo zuri sana, kwa kuwa unaweza kuifuma ribu ikiwa tayari imeshikana na mkono, bila kushona kipande cha pembeni.

Nilifanya hivi. Kutoka kwenye dabo ya mwisho ya mkono, bila kukata uzi, nilifuma cheni 8, yaani vitanzi vitupu vinavyofuatana kama mnyororo. Nikaanzia cheni ya pili kutoka kwenye sindano, nikarudi na singo 7 hadi kufika kwenye mkono. Hapo nikashikiza kwenye dabo ya jirani kwa kuingiza sindano, kuvuta uzi na kuupitisha moja kwa moja bila kuongeza kimo. Nikashikiza tena kwenye dabo iliyofuata, nikageuza kazi. Zile shikizo mbili nikaziruka, nikafuma singo 7 za kitanzi cha nyuma kwenda nje. Cheni moja, nikageuza, singo 7 za kitanzi cha nyuma kurudi ndani, nikashikiza dabo mbili nyingine. Shikizo ya kwanza inaifunga safu, ya pili inapandisha kazi tayari kwa safu ya kwenda nje. Kila dabo mbili za mkono zinapokea safu mbili za ribu, kwa hiyo dabo 30 zilipoisha nilikuwa na safu 30 na matuta 15. Nikakutanisha safu ya mwisho na zile cheni za mwanzo, nikazishikiza pamoja kwa upande wa ndani.

Tatizo linalojitokeza zaidi hapa ni ribu kusinyaa upande wa nje na kuwa kama kabari. Singo ya mwisho kwenye ukingo hujikunja na kitanzi chake cha nyuma hakionekani vizuri, hivyo mfumaji anairuka na saba zinakuwa sita. Mama jirani yangu, fundi wa mashine ya kufuma masweta kwa miaka mingi, ndiye aliyenionyesha namna ya kuidhibiti. Nilimwendea, nikamwamkia, nikampa kipande akikague. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Mshono wa mwisho ushike vitanzi vyote viwili. Hauharibu tuta, na ukingo unasimama." Tangu hapo nafanya hivyo kwenye ukingo wa nje. Tatizo jingine ni kusahau na kushika vitanzi vyote katikati ya safu. Hilo huligundui kwa kuhesabu, unaligundua kwa macho: mahali hapo tuta linakatika na kuwa tambarare. Kumbuka pia kwamba kitanzi cha nyuma ni kile kilicho mbali nawe wakati huo unafuma, wala hakihusiani na upande wa nje wa nguo. Ukigeuza kazi, nacho kinabadilika.

Pindo la chini nililipa njia ya pili. Ningeweza kulifuma kwa kitanzi cha nyuma pia, lakini mwili ulikuwa na dabo 108, na safu 108 fupi fupi za kwenda na kurudi ni kazi ndefu. Kubwa zaidi, kwenye pindo sikuhitaji kitu kinachovutika sana. Nilihitaji kitu kinene, chenye uzito, kinachoshuka na kukaa.

Kila dabo ina kichwa chake juu na nguzo yake chini, ile sehemu iliyosimama. Kwa ribu hii kichwa hakiguswi kabisa, sindano inaizunguka nguzo. Kwa nguzo ya mbele unazungusha uzi kwenye sindano, unaiingiza kutoka mbele upande wa kulia wa nguzo, inapita nyuma yake na kutokea mbele upande wa kushoto, kisha unavuta uzi na kumalizia dabo kama kawaida. Anayefuma kwa mkono wa kushoto anageuza pande hizo. Nguzo inanyanyuka na kuja usoni. Kwa nguzo ya nyuma sindano inaanzia nyuma ya kazi, inatokea mbele, inaizunguka nguzo na kurudi nyuma, nayo nguzo inazama. Matuta haya yanasimama kufuata kimo cha kazi, kwa hiyo hakuna haja ya kulaza chochote. Unaendelea tu kutoka pale mwili ulipoishia.

Lakini ribu ya nguzo haibani kwa nguvu kama ile ya mikononi. Ukiifuma kwa idadi ile ile ya mishono na sindano ile ile, pindo linaweza hata kutanuka kwa sababu ya unene wake. Nilishuka tena hadi sindano ya milimita 4 na kupunguza mishono. Nilikuwa nataka mpangilio wa mbili mbele, mbili nyuma, hivyo idadi ilipaswa kugawanyika kwa nne. Katika mzunguko wa mwisho wa dabo za kawaida nilifuma dabo 7, kisha nikaunganisha mbili kuwa moja, nikarudia hivyo hadi mwisho. Kila 9 zikawa 8, na 108 zikawa 96. Baada ya hapo nilifuma mizunguko mitano ya nguzo. Mwanzoni mwa kila mzunguko niliweka cheni 2 tu, nisizozihesabu, kwa kuwa dabo ya nguzo huanzia chini na haifikii kimo cha dabo ya kawaida. Cheni 3 zingeacha tundu kwenye kiungo. Kwa sababu hiyo hiyo pindo huwa fupi kuliko mtu anavyotarajia, na uzi unaliwa zaidi. Ni vizuri kuuweka akiba kabla ya kuanza.

Kwa kuwa nilizunguka bila kugeuza, kila mzunguko ulikuwa sawa na uliotangulia. Sweta la kufungua mbele ni tofauti, maana hapo unakwenda na kurudi, na nguzo iliyoletwa mbele safu hii utaiona imezama utakapogeuza. Usifuate kumbukumbu, fuata macho: nguzo inayokujia ifume kwa mbele, iliyozama ifume kwa nyuma. Ukichanganya, matuta yanakatika na kitambaa kinakuwa na vipande vya miraba kama mkeka. Huo ni ufumaji mzuri kwa blanketi, ila kwenye pindo haufai.

Uzi nao una kauli yake. Sufu hurudi vizuri baada ya kuvutwa. Pamba hairudi, kwa hiyo ribu ya pamba ifumwe ikiwa na mzunguko mdogo zaidi tangu mwanzo. Uzi wa akriliki, ambao ndio tunaoupata kwa wingi madukani, unarudi vya kutosha, lakini usiuguse kwa pasi ya moto wala mvuke. Moto unaulegeza kabisa na matuta hayainuki tena hata ukilifua sweta upya. Lile la mtoto nililikabidhi bila kupigwa pasi, nikamwomba mama yake alifue kwa maji ya baridi na kulianika likiwa limelazwa, kwa sababu pindo la nguzo likiloa huwa zito, na ukilitundika kwenye kamba linauvuta mwili wote kwenda chini.