Geti moja, leseni tatu: nilivyochagua programu ya CAD ya karakana yangu

Ijumaa moja ya Machi 2025, saa nne asubuhi, nilifungua programu yangu ya kuchorea ili nipunguze upana wa geti kwa sentimita sita. Ikanijibu kwamba leseni imekwisha. Kadi ya benki ilikuwa imekataa malipo usiku, nami sikuuona ujumbe. Mchoro ni wangu, nimeuchora mwenyewe, lakini siku ile niliweza kuutazama tu. Kusogeza hata mstari mmoja sikuruhusiwa. Mafundi wakaenda kunywa chai.

Karakana yetu iko Buguruni, Dar es Salaam. Tunatengeneza mageti, grili na stendi za matanki. Vipande vya maua na majina hatukati wenyewe. Tunapeleka mchoro, kama faili la DXF, kwa jirani mwenye mashine ya kukata ya plazma inayoongozwa na kompyuta. Kwa hiyo programu ya kuchorea kwangu ina kazi tatu: kupokea DWG, yaani faili la mchoro la AutoCAD, kutoka kwa msanifu majengo, kupanga vipimo vya geti, na kutoa DXF safi. Ukinunua programu bila kujua kazi zako ni zipi, utalipia mambo mengi usiyoyagusa.

Nilikuwa nalipa kila mwaka, kama dola 500, kwa programu ya michoro bapa. Nilipoanza mwaka 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300, hivyo nilitoa kama 1,150,000. Kufikia ile Machi dola ilikuwa imepita 2,600. Bei ileile, bila muuzaji kuigusa, ikawa zaidi ya 1,300,000. Mageti nauza kwa shilingi, programu nalipa kwa dola. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini na kupiga hesabu, kuliko hata ile aibu ya Ijumaa.

Badala ya kusoma matangazo, nilichukua kazi moja halisi na kuipitisha kwenye njia zote tatu za leseni, yaani ya kudumu, ya bure na ya malipo ya muda. Kazi yenyewe ni geti la mita 3.6, milango miwili ya mita 1.8 kila mmoja, lenye ua la bati katikati.

Leseni ya kudumu ndiyo niliyoitamani kwanza. Unalipa mara moja, unabaki nayo. Nikagundua kwamba wauzaji wa namna hiyo wamepungua: Autodesk, wenye AutoCAD, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016, na SketchUp ikafuata mwaka 2020. Hata hivyo, bado zipo. Rhino inauzwa hivyo, BricsCAD inakupa uchague, na QCAD Professional inauzwa kwa bei ndogo mno ukilinganisha na hizo. Lakini neno "kudumu" lisikuleweshe. Kinachodumu ni toleo ulilonunua. Masasisho mara nyingi huja kwa muda fulani tu, baada ya hapo unalipa tena ukitaka toleo jipya, au unabaki na la zamani.

Kubaki na la zamani kuna siku kunauma. Msanifu alinitumia DWG, programu ya zamani ya rafiki yangu ikakataa kuifungua. Faili halikuwa bovu. Fungua DWG yoyote kwa Notepad, utaona takataka nyingi, lakini herufi sita za mwanzo zinasomeka. AC1032 ni muundo wa 2018, AC1027 wa 2013, AC1024 wa 2010. La msanifu lilikuwa AC1032 na programu ile iliishia 2010. Nilimpigia simu: "Kaka, nihifadhie kwa muundo wa 2010." Dakika mbili, limekwisha. Tangu hapo naangalia herufi hizo kabla ya kulaumu mtu.

Swali jingine la kumuuliza muuzaji wa leseni ya kudumu ni laptopu ikifa inakuwaje. Wengine wanakuruhusu kuhamisha leseni mwenyewe kwenye mashine nyingine, wengine lazima uwaandikie. Na usinunue leseni "iliyotumika" mtaani kabla hujasoma kama mkataba unaruhusu kuihamisha kwa mtu mwingine. Mingi hairuhusu, na ukinunua utakuwa umenunua namba tu.

Halafu kuna za bure, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Bure na huria si kitu kimoja: bure ni kutolipa, huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia. Fusion ya matumizi binafsi ni bure, lakini si ya biashara. Masharti yake yanataja mapato yasiyofika dola 1,000 kwa mwaka. Geti moja linapita hapo. Leseni ya mwanafunzi nayo ni ya kusomea, hata kama kijana uliyemwajiri bado anayo. Niliwahi pia kutegemea programu moja ya bure isiyo huria. Mwenyewe akaamua kwamba kuanzia tarehe fulani matoleo ya bure hayatafunguka, na kweli hayakufunguka. Hakunivunjia mkataba wowote. Alichotoa kwa hiari alikichukua.

Programu huria haina mlango huo. FreeCAD iko chini ya leseni ya LGPL, LibreCAD chini ya GPL. Zote mbili zinakuruhusu kufanya biashara, kuziweka kwenye kompyuta zote za karakana, na kubaki na toleo ulilonalo hata miaka kumi. Mhasibu wangu aliogopa kwamba nikichora kwa programu huria, michoro nayo itakuwa ya umma. Si hivyo. Leseni inahusu programu na msimbo wake. Mchoro wa geti unabaki wangu.

Nikaanza na FreeCAD 1.0, iliyotoka Novemba 2024. Siku mbili za kwanza nilitaka kuitupa. Vitufe vimegawanywa katika benchi za kazi, na ukiwa benchi isiyo sahihi kifaa unachokitafuta hakipo kabisa. DWG haikufunguka mpaka nilipoweka programu ndogo ya kugeuza, ODA File Converter, na kuionyesha mahali ilipo katika mipangilio. Hata hapo, mchoro wa msanifu ulifika ukiwa na upungufu: mafaili aliyokuwa ameyaunganisha kwa nje hayakuja, maana hakunitumia.

Kilichonibadilisha moyo ni jedwali lake. Zamani kila mteja alipobadilisha upana nilikaa upya na kikokotoo kupanga nondo. Sasa nimeandika kanuni mara moja. Seli zimepewa majina upana, fremu, nondo, idadi na pengo, na sharti ni pengo lisizidi milimita 100. Kwenye seli ya idadi na ya pengo nimeweka:

```
=ceil((upana - 2 * fremu - 100mm) / (100mm + nondo))
=(upana - 2 * fremu - idadi * nondo) / (idadi + 1)
```

Mlango ni milimita 1800, bomba la fremu 40 kila upande, nondo ya mraba 20. Ndani inabaki 1720. Kanuni ya kwanza inatoa 13.5, inapandishwa kuwa nondo 14. Nondo hizo zinakula 280, zinabaki 1440, tugawanye kwa nafasi 15: milimita 96. Mteja akisema mlango uwe 1740, nabadilisha namba moja na mchoro wote unajipanga. Programu niliyokuwa nalipia haikuwa inanifanyia hivyo, ingawa kuna za kulipia zinazofanya vizuri zaidi.

Ina udhaifu wake. Matoleo ya zamani yalikuwa na ugonjwa maarufu: ukirekebisha umbo la mwanzo, tundu ulilotoboa upande wa mbele linahamia pembeni, kwa sababu programu huzipa nyuso namba, na uso mmoja ukiongezeka namba zinasogea. Toleo la 1.0 limepunguza tatizo hilo sana, halijalimaliza. Mimi naweka michoro ya msingi juu ya bapa za XY, XZ na YZ, si juu ya nyuso za kitu chenyewe, na baada ya kila badiliko nazungusha mchoro kuuangalia nyuma kabla sijachapisha.

Tukaenda kwa plazma. Nilitoa DXF ya ua, nikampelekea jirani kwenye flashi. Akaniita: "Dada, ua lako halina majani."

Kweli, kwenye skrini yake fremu ilikuwepo, majani hayapo. Majani nilikuwa nimeyachora kwa mikunjo huru, ile inayoitwa splaini, na mashine yake ya zamani inasoma mistari na tao tu. Isichoelewa, inaruka kimyakimya. Nikarudi kwenye mipangilio ya FreeCAD, nikachagua mikunjo igeuzwe mistari mifupi. Majani yakatokea, ila nilikuwa nimeweka vipande vifupi mno, na bati lilitoka na kingo zenye meno kwa sababu mkono wa mashine ulikuwa unasitasita kila kipande. Kipande kimoja cha bati kikaenda kwenye chuma chakavu.

Hapo ndipo leseni ya kudumu ilipopata kazi yake. Nikanunua QCAD Professional. Inageuza splaini kuwa tao chache laini, na inatafuta mistari iliyolaliana, ambayo hukatwa mara mbili na kuunguza ukingo. Ua la pili lilitoka safi. Jaribio lake la bure hujifunga baada ya dakika chache na lazima uanze tena, lakini zilinitosha kujua kama DXF yangu inakubalika kwa jirani. Jaribu hivyo kabla ya kulipa chochote: peleka faili kwa yule atakayekata, usiridhike na skrini yako.

Malipo ya muda nayo sikuyatupa. Kuna wasanifu wanaotaka DWG irudi kwao ikiwa na matabaka yao, majina yao ya mitindo na vipande vyao vinavyojibadilisha, na vipande hivyo vikipita kwenye kigeuzi hugeuka mistari mitupu. Kazi kama hizo nazikusanya, nalipia mwezi mmoja, nazimaliza zote, nazima malipo ya kujirudia siku ileile niliyolipa. Bei ya mwezi ukiizidisha kwa 12 ni ghali kuliko ya mwaka, kwa hiyo inalipa tu kama miezi yako ni michache. Na ukumbuke inahitaji mtandao: AutoCAD hutaka kuthibitisha leseni angalau mara moja kila siku 30.

Kabla mwezi haujaisha nahifadhi kila mchoro mara tatu: DWG ya muundo wa 2010 au 2013, DXF, na PDF yenye vipimo. PDF ndiyo anayoshika fundi. Mwaka uliopita nililipia miezi miwili tu, na geti la mita 3.6 bado liko kwenye jedwali lile. Wiki iliyopita limekuwa la mita 4, nondo 16 kwa kila mlango, pengo milimita 94.