Nilivyoipata siku moja ya kuikutanisha familia mwisho wa mwaka

Krismasi ya mwaka 2024 iliangukia Jumatano, na Alhamisi tarehe 26 nayo ilikuwa ya mapumziko, kama ilivyo kila mwaka. Ijumaa tarehe 27 ilikuwa siku ya kazi, kisha zikafuata Jumamosi na Jumapili. Kwa familia yetu, iliyotawanyika Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Dodoma, Unguja na Maskati, Ijumaa hiyo moja ilikuwa na uzito kuliko sikukuu zenyewe. Nilipokabidhiwa kazi ya kupanga siku ya kukutana nyumbani kwa mama, Tabata, nilianza nayo mwezi wa Septemba, kwa sababu binamu yangu wa Maskati alihitaji tarehe mapema ili aombe likizo na kukata tiketi kabla nauli hazijapanda.

Katika kundi letu la WhatsApp, ukiuliza watu watapata nafasi lini, wengi hujibu kwamba wako tayari siku yoyote mtakayoamua. Ni jibu la heshima, lakini haliwezi kupangiwa kitu, kwa kuwa anayelitoa huwa bado hajaitazama ratiba yake ya kazi. Kura nayo isingetosha, kwa sababu alama anayoiweka mtu kwenye tarehe haikuambii kama siku hiyo ni yake moja kwa moja au anatarajia kuiomba kwa bosi wake. Kwa hiyo nikaandika hivi:

"Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za kazi. Naomba kila mmoja anijibu mambo matatu kuhusu siku za kuanzia Jumatatu tarehe 23 Desemba hadi Alhamisi tarehe 2 Januari. Kwanza, ni siku zipi hufanyi kazi kabisa, bila kuomba ruhusa. Pili, ni siku zipi unaweza kuzipata ukiomba, na utajua lini kama umekubaliwa. Tatu, ni siku gani na saa ngapi lazima uwe umerudi kazini. Mwenye zamu ya usiku aandike ni usiku wa kuamkia tarehe ipi. Tafadhali mtu asinakili ujumbe wa mwenzake na kujiongeza chini. Kila mmoja aandike wake, mimi nitakusanya."

Ombi hilo la mwisho lilikuwa na sababu. Watu wawili wakinakili orodha ileile kwa wakati mmoja, kila mmoja huirudisha bila jina la mwenzake, na anayenakili baada yao huchukua mojawapo tu, hivyo mtu mmoja hupotea bila yeyote kutambua. Shangazi wa Tanga, ambaye ni mstaafu na hasomi ujumbe mrefu, nilimpigia simu. Yeye alikuwa na sharti moja tu, kwamba asisafiri usiku.

Majibu yalionyesha mambo ambayo kalenda ya ukutani haiwezi kuyaonyesha. Kaka wa Dodoma, mtumishi wa serikali, alikuwa huru tarehe 25, 26, 28 na 29, na kazini alitakiwa Jumatatu asubuhi tarehe 30. Mdogo wangu anayefanya kazi benki alieleza kwamba mwisho wa mwaka, wakati hesabu zinafungwa, hakuna anayepewa likizo kwenye tawi lao, na Jumamosi huwa kazini hadi mchana. Binamu wa Unguja yuko hotelini, na kwa watu wa hoteli sikukuu ndizo siku za kazi nyingi zaidi. Alikuwa na siku moja ya kupumzika kwa wiki, ambayo angeweza kubadilishana na mwenzake. Dada muuguzi wa Morogoro alitarajia zamu za usiku kumalizika asubuhi ya tarehe 26. Kwenye ratiba siku hiyo inahesabiwa kuwa ya mapumziko, lakini mtu aliyekesha wodini hadi alfajiri anahitaji kulala, si kupanda basi la kuja Dar es Salaam. Niliihesabu kuwa si siku yake.

Shemeji yetu, aliyeajiriwa na kampuni binafsi, alikuwa amekusudia kuomba likizo kuanzia tarehe 24 hadi 29, akiamini kwamba sikukuu na wikiendi hazitahesabiwa. Nilimshauri aulize kwanza ofisini kwao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo mfululizo kwa mwaka, na sikukuu inayoangukia ndani ya likizo huhesabiwa humo humo. Kwa mpango wake angetumia siku sita, ilhali siku za kazi halisi katika kipindi hicho zilikuwa mbili tu, Jumanne na Ijumaa. Alipouliza, akakubaliwa ruhusa ya Ijumaa peke yake. Hata binamu wa Maskati alikuwa na hesabu ya namna yake, kwa kuwa wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na tarehe 25 kule ni siku ya kazi ya kawaida.

Nilichora jedwali kwenye daftari, majina kushoto na tarehe juu. Siku isiyohitaji ruhusa niliiwekea duara lililojazwa, siku ya kuombwa niliiwekea duara tupu, na siku ya safari niliikata kwa mstari. Alama hiyo ya safari ndiyo iliyoamua. Alhamisi tarehe 26 ilikuwa na maduara mengi yaliyojaa kuliko siku zote, na wengi walikuwa wakiipendekeza, lakini kukutana siku hiyo kungewalazimu wa Tanga na Dodoma kusafiri siku ya Krismasi yenyewe, wakati walio Wakristo wanataka kwenda kanisani na wengine wana miadi ukweni. Dada na binamu wa Unguja wasingekuwepo kabisa. Jumapili ingewafaa wengi, ila kaka angetoka kabla ya chakula kutulia tumboni.

Jumamosi tarehe 28 ilikuwa na maduara tupu mengi zaidi, lakini haikuwa na aliyekatwa. Kaka angetoka ofisini Ijumaa alasiri na kuwahi treni ya jioni, kwa kuwa treni ya umeme ya Dodoma, iliyoanza mwaka huohuo, haimchukui mtu siku nzima barabarani kama basi. Dada angekuwa amelala vya kutosha. Binamu angevuka na boti ya asubuhi, mwendo wa saa mbili hivi. Aliyebaki alikuwa mdogo wangu wa benki, na kwa ajili yake tulipanga chakula kiwe saa tisa alasiri badala ya saa saba, ili afunge hesabu zake Kariakoo na kufika Tabata bila kukimbizana.

Niliituma tarehe hiyo kwenye kundi pamoja na majina ya waliotakiwa kuomba ruhusa na siku ya mwisho ya kunijulisha, na Jumapili tarehe 29 nikaiweka akiba iwapo wawili kati yao wangekataliwa. Ratiba za zamu hutolewa karibu na wakati wenyewe, hivyo katikati ya Desemba niliwauliza tena dada na binamu peke yao. Binamu alikuwa ameshapata mwenzake wa kubadilishana naye. Dada alipangiwa kuingia zamu Jumapili mchana, kwa hiyo alilala Tabata, na alfajiri shemeji akampeleka stendi ya Mbezi kupanda basi la Morogoro.