Siku saba za kuhesabu chupa za pilipili

Mwaka jana dada mmoja ninayemfanyia kazi hapa Dar aliingiza sokoni pilipili yake ya chupa, tukaipeleka maduka 10 kwa mali kauli, kila duka katoni 2 za chupa 12. Mimi kazi yangu ilikuwa kumtumia ripoti kila siku saa 2 usiku wasap. Lengo la wiki chupa 350 ila sikugawa kwa 7, maana watu wananunua zaidi wikendi, nikaweka 40 kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi 80, Jumapili 70.

Jumatatu jioni akanipigia ana furaha kweli, "mdogo wangu 240 siku moja, niagize chupa nyingine?" Nikamwambia dada subiri kwanza, hizo 240 ni mzigo tulioshusha, haujauzwa huo, upo kwenye rafu za watu. Zilizouzwa ni 31. Akanyamaza kidogo.

Hesabu yangu ilikuwa hii tu, chupa za asubuhi jumlisha zilizoongezwa toa zilizobaki, na zilizobaki nilitaka picha ya rafu, siyo kuuliza kwa simu, ukiuliza kwa simu muuzaji anakwambia "inatoka vizuri" basi, hiyo huwezi kuiandika kwenye daftari.

Jumanne 38, Jumatano ikashuka 27. Jumla 96 wakati tulitakiwa tuwe 120, na dada akaanza kusema labda bei iko juu tupunguze. Hapo ndo niliona faida ya kuandika duka kwa duka, kwa sababu duka la Mbagala Rangi Tatu lilimaliza chupa zote 24 Jumanne usiku, Jumatano nzima rafu tupu, kwa hiyo sifuri yake haikuwa ya kukosa wateja ila ya kukosa mzigo! Na kule Masaki maduka mawili yalikuwa yametoa chupa moja moja. Nikamwandikia: "Dada bei tusiiguse, tuhamishe mzigo." Alhamisi asubuhi katoni moja moja ikatoka kila duka la Masaki ikaenda Mbagala na bodaboda, siku hiyo tukauza 45. Kuanzia hapo kila duka lililobaki na chupa chini ya 6 nililiandika juu kabisa ya ripoti, kabla hata ya jumla.

Ijumaa 41, tukaongeza katoni 10 kwa ajili ya wikendi, Jumamosi 77, Jumapili 66. Jumla 325, yaani asilimia 93 ya lengo.

Jumapili usiku akauliza sasa tuagize ngapi. Nikamwambia wiki hii wengi wamenunua kuonja, chupa moja nyumbani inakaa hata wiki tatu, hatujajua nani atarudi, agiza ya kujaza rafu tu. Akaagiza katoni 20 badala ya 60 alizokuwa anazitaka Jumatatu.