Jina la shangazi kwenye Telegram: tulivyolipata

Shangazi yangu anakaa Mbagala, ana miaka 69, na simu ya kugusa ameanza kuitumia mwaka huu. Wenzake aliosoma nao shule ya msingi hupigiana simu za video Telegram kila Jumapili jioni, naye alitaka kujiunga. Kilichomzuia ni namba yake. Ndiyo anayopokelea hela za kikoba, na hakutaka izagae kwa watu arobaini ambao wengine hajawaona tangu utotoni.

Nikamweleza kwamba Telegram unajisajili kwa namba, ila ukishajiwekea jina la mtumiaji, mtu anakutafuta kwa jina hilo bila kuijua namba. Akafurahi, na nilipokwenda kumwamkia Jumamosi nikakuta ameshaandika lake kwenye karatasi: mama_zuhura_1956.

Jina linakubalika, maana Telegram inapokea herufi, tarakimu na kile kistari cha chini, mradi zifike 5 na lianze na herufi. Lakini nilimwomba aliandike mwenyewe nikiwa nimekaa pembeni, nikimtazama kidole. Aliandika mama vizuri. Kufika kwenye kistari, ikabidi abonyeze ?123 alama zitokee, akitafute, kisha arudi kwenye herufi. Mara ya kwanza alipotea. Mara ya pili aliweka kistari cha kawaida cha katikati, ambacho Telegram haikikubali. Kisha akampigia rafiki yake wa Morogoro amtajie jina kwa mdomo. Yule bibi aliandika Zuhra badala ya Zuhura, na kistari akakiruka kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe. Jina hili shangazi ataliandika mara moja tu, siku ya kulisajili. Watakaoliandika kila mara ni wenzake, wazee kama yeye, wakilisikia kwenye simu. Kwa hiyo linatakiwa liandikike kwa namna moja tu.

Ule mwaka nao ulinitia wasiwasi. Nilimuuliza taratibu, "Shangazi, huu mwaka hujautumia mahali pengine?" Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ndiyo namba ya siri ya simu yangu ya hela." Tuliibadilisha palepale kabla ya kuendelea.

Nilijaribu jina lake halisi, Mwanahamisi. Ni refu, wengine huandika Mwanahamis, wengine Mwanaamisi, tena m na n zimekaa jirani kwenye kibodi na kidole chake kinazigonga zote mbili. Niliona jambo jingine pia: huwa anakandamiza herufi kwa muda mrefu, na kwenye simu yake herufi za mstari wa juu zikikandamizwa hivyo hutoa tarakimu. Aligusa o, ikatokea 9. Nikamfundisha kugusa na kuachia, kama anayeonja kama pasi imepata moto. Mfano huo ulimkaa.

Nikamuuliza, shuleni walikuwa wanamwitaje? "Dodo," akasema, kwa sababu ya mwembe wa kwao. Dodo peke yake ina herufi 4, haifiki. Tukajaribu bidodo, ikatokea maandishi mekundu kwamba jina lina mwenyewe. Wengi wakifika hapo huongeza tarakimu, na tarakimu ndizo zinazosahaulika. Tukaongeza neno: bidodotemeke. Ni herufi 12, lakini linatamkwa kwa vipande vitatu ambavyo kila mtu Dar anajua kuviandika. Halina h ya kumezwa wala r ya kugeuzwa l. Na Temeke ina watu zaidi ya milioni moja, kwa hiyo halimwelekezi mtu mlangoni kwake, kama ambavyo jina la mtaa lingefanya.

Kabla ya kulisajili alimpigia tena yule wa Morogoro. Safari hii aliliandika sawasawa mara ya kwanza. Herufi kubwa au ndogo haisumbui, Telegram haizitofautishi.

Tukalisajili kwenye Settings, sehemu ya Username. Kisha tukaenda Privacy and Security, kwenye Phone Number nikaweka Nobody, maana jina peke yake haliifichi namba. Kwenye Calls nikaweka My Contacts, ili asipigiwe na watu asiowajua. Hiyo ina maana kila mwenzake lazima kwanza amwandikie ujumbe, naye amwongeze kwenye orodha yake, jambo linalowezekana bila namba. Nikamsihi asilibadilishe ovyo, maana jina ukiliacha mtu mwingine anaweza kulichukua.

Amelibandika karatasini kando ya friji, kwa vipande: bi dodo temeke, na chini yake, "yote pamoja". Jumapili simu ya kwanza iliita saa kumi na moja na nusu. Sura ikatokea, na kabla ya salamu yule mama akapaza sauti, "Dodo! Ni wewe kweli?"