Oda ya mashati 150 kwa bei ya chini

Shule moja iliniomba mashati 150 kwa 11,000 kila moja, mara moja tu. Bei yangu ni 15,000, na daftari linasema shati linanigharimu 12,500. Nikataka kukataa.

Usiku nikachambua hiyo 12,500. Kumbe 3,500 ni mgawo wa pango na mshahara wa mlinzi, ambavyo nalipa nishone nisishone. Kinachoongezeka kwa kila shati ni 9,000: kitambaa, vifungo na uzi, na fundi anayelipwa kwa shati. Kwa hiyo kila shati lingeniachia 2,000.

Ila mafundi wangu wanamudu mashati 400 kwa mwezi, na oda za kawaida ni 280. Nafasi ni 120 tu. Yale 30 ya ziada yangesukuma nje wateja wanaoniachia 6,000 kwa shati, hasara ya 180,000. Hapo ndipo nilipokaribia kuteleza.

Nikawaambia: 120 sasa, 30 mwezi ujao wenye kazi chache. Wakakubali. Mashati 150 yaliniachia 300,000; nikatoa 60,000 ya kuandaa nembo ya shule ya kutarizi, nikabaki na 240,000. Wateja wangu wa dukani hawanunui mashati yenye nembo, kwa hiyo hakuna aliyedai bei ya 11,000.