Hao mchwa ni nani?

Sherehe ya kumuaga Baba kazini ilipita salama Jumamosi, wageni walikuja, Kaka alichelewa kama kawaida yake, zawadi zilifunguliwa na hotuba zikatolewa. Tangu siku hiyo nimebaki na jambo moja tu kichwani, nalo ni swali la Baba. Nikioga nalisikia. Nikikaa kazini kusahihisha miswada ya watu nalisikia.

Nilikuwa nimemwandikia shairi la siku hiyo. Nililisoma nimesimama, sauti ikitetemeka kidogo, na hadi beti ya pili wazee walikuwa wakiitikia vizuri. Beti ya kwanza ilianza hivi:

Baba nguzo ya nyumbani, paa lote walibeba,
Mvua hainyi ndani, japo upepo wakaba.

Nikafika beti ya tatu, kwenye mshororo ambao kwa kweli ndio niliokuwa naupenda kuliko yote:

Mchwa waja toka chini, kimyakimya wanashiba.

Baba akanyanyua mkono, kama anayesimamisha gari. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, kama mimi ni nguzo, hao mchwa ni nani?"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika upande ule aliokaa Kaka. Ni zile habari za pesa za Baba za kustaafu na nani alikopa nini, nilishaziandika humu, sirudii. Mimi nikasema, "Baba, ni uzee tu, ni miaka." Akasema, "Miaka haishibi." Akanirudishia mkono wa kuendelea, nikaendelea, na hakuna aliyesikia beti ya nne.

Usiku mdogo wangu akanipigia simu kunituliza. Akasema ningeweka neno "kama" yasingetokea yote hayo. "Si ndivyo tulivyofundishwa? Tashibihi ina kama, sitiari haina kama. Weka kama, mambo yaishe." Nikamwambia kama lingekuwa suala la kuongeza neno tu, ningeliongeza hapo hapo nikiwa nimesimama. Akanicheka. Lakini kauli yake imenikera kuliko swali lenyewe la Baba, maana ndivyo wengi wanavyojua: neno likiwepo ni tashibihi, likikosekana ni sitiari, basi. Kwanza hata hilo si kweli. "Fanya kama ulivyoambiwa" ina kama na haina tashibihi yoyote. "Anatembea kama babu yake" nayo ni ulinganisho wa kawaida, mtu na mtu. Tashibihi inataka vitu viwili vya jamii mbalimbali, kama mzee na mti uliochimbiwa ardhini.

Basi nikakaa nikajaribu kweli, kwa sababu mimi ni mbishi. "Kama" inakula mizani mbili, yaani silabi mbili. "Mithili ya" inakula nne, na "mfano wa" nne pia, kwa hiyo kwenye kipande cha mizani nane nusu ya nafasi imekwenda kabla hujasema kitu. Lakini wahenga wa ushairi walituachia "ja", nayo ni mizani moja tu. Nikaondoa "ya", nikaweka "ja":

Baba ja nguzo nyumbani, kwa uzito unobeba,
Wacheka ukiwa ndani, wasimulia ya huba.

Hesabuni. Nane kwa nane, vina vile vile vya "ni" na "ba". Kwa masikio ya haraka, ukwapi, yaani kile kipande cha mbele cha mshororo wa kwanza, haukubadilika. Ila tazameni kilichotokea mara tu baada yake. Sikuweza kukwepa kutia "kwa uzito unobeba", kwa kuwa ukishasema Baba anafanana na nguzo, msikilizaji anauliza: kwa lipi? Tashibihi inadai sababu. Nikaitaja, uzito, na nilipoitaja mlango ukafungwa. Amefanana na nguzo katika kubeba, na si katika kutosema, wala kutotembea, wala kuliwa. Kwa hiyo mshororo wa pili ukamrudisha Baba mwenyewe, akacheka, akasimulia. Katika beti ya awali hilo lisingewezekana. Nguzo haicheki. Ningeandika "Baba nguzo ya nyumbani" halafu akacheka kwenye mshororo unaofuata, taswira ingepasuka, au watu wangecheka mahali nisipotaka.

Sitiari haikutaka sababu. Ilimwondoa mzee mbele ya macho ikasimamisha mti mahali pake, kisha ikaniambia: haya, ishi humu. Ndiyo maana paa likaja lenyewe, na mvua, na upepo. Sikuyatafuta. Na mchwa nao walikuja kwa mlango huo huo, maana mtu yeyote aliyewahi kuona nguzo ya mti anajua mwisho wake. Msomaji akishakubali neno la kwanza, kila kinachoingia baadaye anakitafutia mwenzake upande wa pili. Paa ni familia. Mvua ni shida. Upepo ni watu wa nje. Na mchwa je? Baba hakuwa akinichokoza. Alikuwa akisoma shairi jinsi linavyotakiwa kusomwa, mpaka pale nilipoacha nafasi wazi, akaona viti na waliovikalia.

Tena mnisikilize, "nguzo ya familia" ni usemi unaotajwa kila kikao. Umechoka. Husemwa na hakuna anayeona mti, ni sitiari mfu kama "mguu wa meza". Mtu angeishia hapo, Baba angetikisa kichwa kwa heshima na shairi lingesahaulika kabla ya vinywaji. Wadudu ndio waliofufua ile nguzo. Ghafla ikawa na mbao ndani, ikawa na chini na juu, ikawa inaweza kuanguka. Ndiyo maana siuondoi mshororo ule, hata Kaka akinuna mpaka mwakani.

Katikati ya wiki nikafungua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, kwa kuwa nilikumbuka kwamba kuna mahali anafanya yote mawili moja baada ya jingine. Anaanza bila kama yoyote: ulimwengu ni bahari iliyochafuka. Hafananishi. Na papo hapo bahari inakuja na vyake: ina matumbawe, na anayeipanda ameshapata hasara. Kisha ubeti mwingine anabadili mtindo. Sasa ulimwengu ni kama kisima kisicho na ukingo, kina ndama anayempiga pembe kila asogeaye, asipate kunywa. Halafu ni kama vumbi linaloonekana kwenye mwanga wa jua, ukilikamata mkono hauna kitu. Halafu ni kama mazigazi wakati wa jua kali, mwenye kiu huyakimbilia akidhani maji.

Kilichonishika hapo ni neno dogo analounganishia: "au". Ni kama kisima, au kama vumbi, au kama mazigazi. Tashibihi inaruhusu "au". Unaweza kuzipanga nyingi, kila moja ikaonyesha upande mmoja wa kitu kile kile: kisima kinaonyesha hatari ya kusogea, vumbi linaonyesha utupu mkononi, mazigazi yanaonyesha kudanganyika kwa macho. Zikiisha unaziacha, na ulimwengu wenyewe haujahama mahali pake. Sasa jaribu na sitiari: ulimwengu ni bahari, au ni kisima, au ni vumbi. Masikioni inakuwa kama mshairi hajaamua. Naona ndiyo sababu bahari inapewa ubeti wake peke yake, na kukaa kwake mbele kunaifanya iwe taswira inayotawala, zile nyingine zikiizunguka. Sisemi tashibihi lazima iwe fupi, kwa kuwa kisima kile kimejaza ubeti mzima pamoja na ndama wake. Ila hata ikirefuka hivyo, unajua wakati wote kwamba uko ndani ya mfano na mlango wa kutokea uko pale.

Nikajaribu kipimo hicho kwenye shairi langu. Toleo la "ja" nililiendeleza hadi beti nne. Beti ya pili nikamfananisha na dira, ya tatu na mlango ulio wazi usiku, ya nne na wimbo. Zote zilikubali kukaa pamoja, Baba alibaki mtu kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukisoma unamtambua kabisa, kikohozi chake na vicheko vyake. Lakini nikimuuliza mtu kesho taswira kuu ya shairi hilo ni ipi, atanyamaza. Kila picha imefanya kazi yake ikaondoka. Lile la mwanzo lina picha moja tu na haliachii. Ni shairi bora, nasema wazi, na pia ni shairi ambalo humsomei mtu mbele ya wanawe wote bila kujua mchwa watakalia kiti gani.

Alhamisi Baba akanipigia mwenyewe, jambo ambalo halitokei, maana yeye hubipu. Nikajiandaa kwa mahubiri. Akaulizia afya ya mtoto, akaulizia kazi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lile shairi lako nimelikumbuka nusu. Mchwa waja toka chini, halafu nini?"

Nikamwambia, "Kimyakimya wanashiba."

Akarudia polepole. Nikasikia kama anaandika. "Wanashiba," akasema, na akacheka, kicheko chake kile cha puani. Nikamwambia nimetengeneza jingine, lenye "ja", ambalo ndani yake yeye hali wala haliwi, anasimulia tu. Nikamsomea. Akalipenda, akasema hilo nimwandikie kwa mwandiko mkubwa, atawasomea wazee wenzake.

"Na lile la kwanza, Baba? Nilichane?"

"Ulichane kwa nini? Lile watumie nduguzo. Usiwaeleze kitu."

Nimecheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Yaani mzee ameelewa kuliko mimi niliyelitunga: la tashibihi linamhusu yeye, la sitiari linamhusu kila anayelisoma. Nimelituma kwenye kundi la familia jana usiku bila neno la utangulizi. Mdogo wangu ameweka moyo. Shangazi ameuliza kama ni tangazo la dawa ya wadudu. Kaka amelisoma, alama inaonyesha, hajajibu.

Beti ya nne bado sijaridhika nayo. Nguzo ikishaliwa lazima nichague: ianguke, au mtu aje na ubao mpya aitie kiraka? Nikimleta fundi, nitaulizwa fundi ni nani, na jibu hilo sina.